Hewa Chini ya Kiwambo: Mwongozo wa Kupiga na Kusoma Eksirei ya Mgonjwa Anayeshukiwa Kutoboka Utumbo

Mwongozo huu umeandikwa kwa matabibu, wauguzi na wataalamu wa mionzi wanaofanya kazi katika hospitali za wilaya na vituo vya afya vyenye mashine ya eksirei lakini visivyo na siti skani. Unahusu hali moja tu: mgonjwa ameletwa na maumivu makali ya tumbo, tumbo limekakamaa, na mnataka kujua kama utumbo umetoboka. Picha ya kifua iliyopigwa akiwa wima inaweza kulijibu swali hilo ndani ya nusu saa, kwa gharama ndogo, ikiwa imepigwa inavyopaswa na ikasomwa na mtu anayejua pa kutazama. Ikipigwa ovyo huwa na madhara zaidi kuliko kutopigwa kabisa, kwa sababu inampa mgonjwa cheti cha uzima asichostahili.

Hewa hiyo inatoka wapi

Tumbo na utumbo ni mrija mmoja mrefu ambao ndani yake hewa ni jambo la kawaida. Tunaimeza tunapokula na kuongea, na bakteria wa utumbo mpana wanaitengeneza mchana na usiku. Nje ya mrija huo, ndani ya utando unaozunguka viungo vya tumbo, hakuna hewa hata kidogo. Kuna majimaji machache ya kulainisha, basi. Kwa hiyo hewa ikionekana humo, lazima imepita mahali fulani, na njia za kupita ni chache: ukuta wa utumbo umetoboka, au ukuta wa tumbo umefunguliwa kutoka nje kwa kisu, risasi au upasuaji, au mara chache hewa imesukumwa kutoka kifuani au kupitia njia ya uzazi. Ukiwaondoa waliopasuliwa karibuni, kati ya wagonjwa kumi wenye hewa hiyo, takribani tisa wana tundu kwenye kiungo chenye uwazi ndani.

Hewa yenyewe haimdhuru sana mgonjwa, na mwili huifyonza polepole. Tatizo ni kwamba tundu linalopitisha hewa linapitisha pia kilichomo ndani ya utumbo. Kwa kidonda cha tumbo au cha duodeni kilichotoboka, kinachomwagika mwanzoni ni asidi, na mgonjwa huyo mara nyingi anakumbuka hata saa na dakika maumivu yalipoanza. Kwa utumbo mwembamba wa chini, kinachomwagika ni kinyesi cha majimaji kilichojaa bakteria. Utando wa tumbo ni mpana, hivyo unapowaka unavuta maji mengi kutoka kwenye damu, na sumu za bakteria zinaingia kwenye mzunguko. Presha inashuka, figo zinapunguza mkojo, na kila saa inayopita kabla ya upasuaji inapunguza nafasi ya mgonjwa kupona.

Ndiyo maana kiasi cha hewa kisichukuliwe kama kipimo cha ukubwa wa ugonjwa. Utepe mwembamba chini ya kiwambo unaweza kuwa ndio dalili pekee ya utumbo uliomwaga lita mbili za usaha, na hewa nyingi inayolisukuma ini chini inaweza kutoka kwenye tundu dogo la tumbo lililotokea asubuhi hiyo hiyo. Picha inajibu kama kuna tundu au la. Hali ya mgonjwa ndiyo inayosema amefika wapi.

Katika ukanda wetu, chanzo kinachopaswa kuwa karibu na akili ya kila tabibu, pamoja na vidonda vya tumbo, ni homa ya matumbo. Vimelea vya taifodi hujificha katika mabaka ya tishu za kinga yaliyo mwishoni mwa utumbo mwembamba, yaitwayo mabaka ya Peyer. Mabaka hayo huvimba, huoza, na kwa kawaida katika wiki ya pili au ya tatu ya homa ukuta hutoboka, mara nyingi ndani ya sentimita 60 za mwisho kabla ya utumbo mpana. Wanaoathirika zaidi ni watoto na vijana. Mlipuko wa taifodi uliotokea Kasese, magharibi mwa Uganda, mwaka 2008 na 2009, ulijitokeza kwa sura hiyo hasa: hospitali zilipokea waliotoboka utumbo zaidi ya 200.

Kupiga picha: hapa ndipo kazi inapoharibika

Hewa ni nyepesi, hivyo hupanda mahali pa juu kabisa. Mgonjwa akisimama, mahali pa juu ndani ya tumbo ni chini ya kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ambao wodini wengi huuita diaframu. Lakini hewa haipandi papo hapo. Inapaswa kupenya katikati ya matumbo na kulizunguka ini. Mgonjwa aliyetolewa kwenye machela, akasimamishwa na kupigwa picha mara moja, anaweza kuwa na hewa ambayo bado imejikusanya mbele ya ini, isiyoonekana. Mketishe au msimamishe wima kwa dakika 10 kabla ya picha. Akiwa anasubiri kwenye benchi ya chumba cha mionzi, muuguzi aandike saa aliyoketi. Jambo hili dogo ndilo linaloachwa mara nyingi kuliko mengine yote, na lisipoandikwa hakuna anayeweza kujua baadaye kama lilifanyika.

Omba picha ya kifua, hata kama tatizo liko tumboni. Wengi huomba eksirei ya tumbo akiwa wima, wakidhani ndiyo inayofaa, na hapo hupoteza dalili. Sababu ni mbili. Katika picha ya tumbo, kitovu cha mwale kinalenga karibu na kitovu cha mgonjwa, hivyo miale inayofika kwenye kiwambo inapanda kimshazari na kuufunika utepe mwembamba wa hewa kwa kivuli cha kuba la kiwambo. Katika picha ya kifua, miale inapita karibu sambamba na kilele cha kuba, na hewa inajitokeza ubavuni. Sababu ya pili ni nguvu ya mionzi: tumbo ni nene na linahitaji mionzi mingi, na mionzi hiyo inaiunguza sehemu ya juu hadi inakuwa nyeusi tupu, mstari wa kiwambo ukapotea. Picha ya kifua hupigwa kwa mionzi midogo, na hapo mstari unabaki.

Mwale uwe umelala sawa na sakafu, bila kuinama. Hili halina mjadala. Mgonjwa aliyeegemea kwenye kitanda kilichoinuliwa nusu, halafu bomba la eksirei likainamishwa kumfuata, atatoa picha inayofanana na ya wima lakini isiyo na thamani yake. Kama hawezi kusimama, aketi ukingoni mwa kitanda, kaseti nyuma ya mgongo, miguu ikining'inia, na ndugu aliyevaa vazi la risasi amshike mabega. Viwambo vyote viwili viingie ndani ya picha, na pia pembe za pande zote mbili ambapo kiwambo hukutana na mbavu. Mgonjwa mwenye tumbo linalowaka hawezi kuvuta pumzi ndefu. Usimlazimishe, inatosha azuie pumzi fupi aliyo nayo, kwa sababu picha iliyotikisika inaufuta utepe mwembamba kabisa.

Kwa aliye dhaifu mno kukaa, presha ikiwa chini au akiwa amechanganyikiwa, kumsimamisha ni kumhatarisha. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, upande wa kulia ukiwa juu, kwa dakika 10, kisha mwale ulalao sawa na sakafu upite kutoka mbele hadi nyuma. Hewa itapanda kati ya ini na ukuta wa ubavu wa kulia, mahali ambapo ini ni jeupe sawasawa, hivyo hata hewa kidogo hujitokeza. Ubavu wa kushoto ndio unaolaliwa, kwa sababu akilala kulia hewa ya kawaida iliyo ndani ya tumbo itakuwa juu na kuchanganya macho. Picha ihusishe ubavu wote wa kulia kutoka kwenye kiwambo hadi juu ya nyonga. Njia hii yafaa pia kwa watoto wadogo, ambao kuwaketisha wima wakiwa na maumivu ni mapambano.

Alama ya upande iwekwe kwenye kaseti wakati wa kupiga, isiongezwe baadaye kwa kalamu. Picha iliyogeuzwa huhamisha hewa ya kawaida ya tumbo kutoka kushoto kwenda kulia, na tumbo zima la mtu asiye na tundu litaonekana limetoboka.

Kusoma: anzia kulia

Kabla ya kutafuta hewa, soma kilichoandikwa: jina, tarehe, saa, upande, na mkao wa mgonjwa. Kama mkao haukuandikwa, muulize aliyepiga. Picha ya mgonjwa aliyelala ikisomwa kama ya wima itakupa jibu la uongo. Filamu iwekwe kwenye sanduku la taa, na taa za chumba zizimwe; kuiinua kuelekea dirishani hakutoshi. Kwenye skrini, kuza sehemu ya kiwambo na ubadilishe mwanga hadi ini na pafu vionekane kwa pamoja.

Anza na kiwambo cha kulia, kwa sababu chini yake kuna ini, na ini ni kiungo kigumu kisicho na hewa. Katika mtu mzima wa afya, weusi wa pafu unashuka na kugusa weupe wa ini moja kwa moja. Hakuna mstari unaokitenga kiwambo na ini, kwa sababu vyote viwili vina weupe mmoja na vimeshikana. Hewa ikiingia kati yao, inavitenganisha. Sasa utaona tabaka nne ukishuka: weusi wa pafu, mstari mweupe mwembamba ambao ndio kiwambo chenyewe, kipande cheusi, halafu weupe wa ini. Kipande hicho cheusi kikiwa kidogo huwa na umbo la mwezi mwandamo, kimepinda kufuata kuba, kinene katikati na kikichongoka pande zote. Kwa wingi wa hewa kinaweza kuwa na upana wa vidole vitatu, na hapo hata mwanafunzi hakikosi. Kinachokosewa ni kile chenye upana wa milimita moja au mbili. Ili usikipite, weka ncha ya kalamu pale kiwambo kinapokutana na moyo na ufuate ukingo wake polepole hadi kwenye pembe ya mbavu. Macho yakiangalia picha nzima kwa pamoja hurukia mapafu na kusahau ukingo.

Upande wa kushoto una mtego. Tumbo lina hewa yake chini ya kiwambo cha kushoto, na hewa hiyo ni halali. Tofauti iko katika unene wa kinachotenganisha weusi wa pafu na weusi wa chini. Hewa ikiwa ndani ya tumbo, kati yake na pafu kuna kiwambo pamoja na ukuta wa tumbo, na tabaka hizo mbili kwa pamoja zinaonekana nene, aghalabu zaidi ya milimita tano. Hewa ikiwa huru, kati yake na pafu kuna kiwambo peke yake, chembamba cha milimita mbili au tatu. Pia hewa ya tumbo huwa imezungushiwa mpaka wake wa mviringo, na mara nyingi chini yake kuna mstari ulionyooka wa majimaji. Hewa huru huenea kufuata kuba la kiwambo kuelekea ubavuni. Ukibaki na shaka kuhusu kushoto, usibishane na picha; piga ya kulala kwa ubavu wa kushoto.

Vinavyofanana na hewa huru

Kinachowapotosha wengi ni utumbo mpana uliopanda na kuingia kati ya ini na kiwambo. Demetrius Chilaiditi aliueleza mwaka 1910, na jina lake limebaki kwenye dalili hiyo. Utaona weusi chini ya kiwambo cha kulia, lakini ukitazama kwa makini ndani yake kuna mikunjo inayoukata kwa vipande, ile mikunjo ya kawaida ya utumbo mpana. Hewa huru haina mikunjo. Mwenye hali hiyo pia kwa kawaida tumbo lake ni laini na anazungumza bila taabu. Kumpasua mtu wa namna hiyo ni kosa ambalo linaepukika kwa dakika mbili za kumpapasa tumbo.

Kipande cha pafu kilichosinyaa sehemu ya chini kinaweza kutoa mstari mweupe ulio juu kidogo ya kiwambo na sambamba nacho, na weusi wa pafu ulio chini ya mstari huo ukafanana na hewa. Fuata mstari hadi mwisho: kiwambo hufika kwenye pembe ya mbavu, mstari wa pafu huishia njiani.

Kisha swali la historia, ambalo halijibiwi na picha: amepasuliwa tumbo lini? Baada ya upasuaji wa kufungua tumbo, hewa iliyoingia wakati ule inaweza kubaki kwa wiki moja na wakati mwingine zaidi, hasa kwa watu wembamba. Kwa aliyepasuliwa siku tatu zilizopita, hewa peke yake haina maana kubwa. Inapata maana ikiwa inaongezeka kutoka picha moja hadi nyingine, au mgonjwa akizidi kuumwa badala ya kupata nafuu.

Mfano wa kufuatilia

Tuchukue mgonjwa wa mfano, kijana wa miaka 19, mvuvi wa kandokando ya ziwa. Amekuwa na homa siku 17. Kwanza alipewa dawa za malaria, kisha akanunua dawa za taifodi duka la dawa na kuziacha alipopata nafuu ya siku mbili. Usiku wa kuamkia jana alishikwa na maumivu ya ghafla chini kulia, yakaenea tumbo zima kufikia alfajiri. Analetwa saa 30 baada ya hapo. Joto ni 38.9, mapigo 128 kwa dakika, presha 90 kwa 50, anapumua mara 32 kwa dakika. Tumbo limevimba kidogo, limekakamaa, halina sauti ya utumbo. Unapogonga kwa vidole juu ya mbavu za chini kulia, mahali ambapo ini hutoa sauti nzito, unasikia sauti ya uwazi.

Picha ya kwanza inapigwa akiwa juu ya machela iliyoinuliwa nusu, mara tu alipofika. Inasomwa: hakuna hewa chini ya kiwambo. Mtu mwingine angeishia hapo, akaandika malaria kali na kumlaza wodi ya wanaume.

Tabibu anayesoma vizuri anaona mambo matatu yasiyokubaliana na jibu hilo. Kwenye picha hakuna mkao ulioandikwa. Kivuli cha viwambo kimejikunja kwa namna inayoonyesha mwale uliinama. Na sauti ya uwazi juu ya ini inasema hewa imekaa mbele ya ini, mahali ambapo picha ya nusu kulala haiwezi kuionyesha. Kijana huyu hafai kusimamishwa kwa presha hiyo. Anawekewa sindano mbili nene za dripu, anapewa lita moja ya ringa laktati kwa kasi, na dawa za kuua bakteria zinaanza hapo hapo, hazisubiri picha. Kisha analazwa kwa ubavu wa kushoto. Baada ya dakika 10 picha inapigwa, mwale ukiwa sawa na sakafu. Kati ya ukingo wa ini na ukuta wa ubavu wa kulia kuna utepe mweusi wa milimita tano hivi, wenye mipaka laini, usio na mikunjo ndani.

Hilo linatosha. Hahitaji altrasaundi, wala picha ya tatu, wala majibu ya kipimo cha taifodi ambacho kitachelewa na ambacho hakitabadilisha uamuzi. Thietani daktari anatarajia kukuta tundu moja au zaidi kwenye mwisho wa utumbo mwembamba, upande usioshikiliwa na mishipa ya damu, na analazimika kupitia utumbo wote kwa mikono yake, kwa sababu tundu la pili likiachwa ndani mgonjwa atarudi thieta akiwa na hali mbaya zaidi.

Picha isiyoonyesha hewa haimwondolei mgonjwa tundu

Hili ndilo jambo ambalo mwongozo huu unalitilia mkazo kuliko yote. Hata picha ikipigwa kwa ufundi kamili, kwa vidonda vya tumbo vilivyotoboka hewa haionekani kwa wagonjwa wawili au watatu kati ya kumi. Kwa utumbo mwembamba sehemu ya hao wasioonekana ni kubwa zaidi, na sababu inaeleweka: utumbo mwembamba wa kawaida una hewa kidogo sana ndani yake, hivyo ukitoboka unaweza kumwaga majimaji matupu. Tumbo na utumbo mpana vina hewa nyingi, navyo huonyesha zaidi. Kidole tumbo kikipasuka, hewa haionekani mara nyingi.

Kuna pia tundu linalozibwa. Utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya matumbo hujibandika juu ya tundu, hewa ikanaswa humo. Na kuna tundu linalofunguka nyuma, nje ya utando wa tumbo, kama la ukuta wa nyuma wa duodeni. Hewa yake hujikusanya kuzunguka figo ya kulia na haifiki chini ya kiwambo hata mgonjwa akisimama siku nzima.

Kwa hiyo kanuni ya kazi ni hii. Hewa ikionekana kwa mgonjwa mwenye tumbo linalouma, ambaye hakupasuliwa karibuni, chukulia kwamba ametoboka. Hewa isipoonekana na tumbo limekakamaa, chukulia vilevile kwamba ametoboka, na mwite daktari wa upasuaji. Picha safi inabeba uzito pale tu tumbo lenyewe liko laini. Nimeona mara nyingi ripoti ya eksirei ikiwekwa juu ya kile ambacho mkono ulishakihisi, na huo ni mpangilio wa kinyume.

Kuna kundi moja ambalo kwalo mambo hugeuka. Wazee, wanaotumia dawa za steroidi, na wagonjwa wa taifodi waliozama katika usingizi wa homa wanaweza kuwa na utumbo uliotoboka huku tumbo lao likiwa laini kiasi. Hawalalamiki, hawakakamai, wanazidi tu kudhoofika. Kwao picha ndiyo inayosema kabla ya tumbo kusema, na inafaa kupigwa hata pale ambapo mkono haukuona sababu, iwapo mapigo yanapanda na mkojo unapungua bila maelezo.

Hewa ikishaonekana

Mgonjwa asile wala asinywe. Mpira wa puani uingizwe hadi tumboni na uachwe wazi ukimwaga, ili kinachovuja kipungue. Dripu iendelee, na mpira wa mkojo uwekwe ili ujue kama maji yanatosha. Mtu mzima wa kilo 60 anapaswa kutoa mililita 30 za mkojo kwa saa au zaidi. Kwa mtu mzima asiye na mzio, seftriaksoni gramu 2 na metronidazo miligramu 500 kwa mshipa ni mwanzo unaokubalika, isipokuwa kama hospitali yenu ina utaratibu wake kulingana na usugu wa dawa. Damu ya kundi na ya kulinganisha ichukuliwe pamoja na ya vipimo vingine, kwa sindano moja.

Dawa ya maumivu apewe. Imani ya zamani kwamba mofini itaficha ugonjwa hadi daktari wa upasuaji ashindwe kuutambua haina msingi. Hewa iliyoonekana kwenye picha haifichiki kwa mofini, na mgonjwa aliyetulia anapumua vizuri na anapapaswa kwa urahisi.

Zungumza na ndugu mapema, kwa maneno yanayoeleweka: utumbo umetoboka, uchafu umemwagika tumboni, dawa peke yake haitauziba, anahitaji kupasuliwa leo. Wengi husita wakisikia upasuaji na kuomba muda wa kushauriana na walio mbali. Waonyesheni picha. Weusi chini ya kiwambo ni kitu ambacho hata asiyesoma anaweza kuonyeshwa kwa kidole, na idhini hupatikana haraka zaidi kwa aliyeona kuliko kwa aliyeambiwa.

Kama mgonjwa anahamishiwa hospitali nyingine, picha iende naye pamoja na karatasi yenye saa ya kupigwa, mkao, na dakika alizokaa wima au kulala ubavu kabla ya kupigwa. Bila maelezo hayo, wanaompokea watalazimika kuirudia. Simu kwa daktari wa upasuaji anayempokea ipigwe kabla gari halijaondoka, ili thieta iwe imeandaliwa mgonjwa anapofika mlangoni.